Mguu Unaokufa Ganzi Baada ya Kuchuchumaa

Ukichuchumaa muda mrefu ukichagua viazi, kisha ukasimama, huenda ukaona upande wa nje wa mguu, kutoka chini ya goti mpaka juu ya wayo, umekufa ganzi. Ukiugusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Baada ya dakika chache sindano sindano huanza, halafu hisia hurudi na unaendelea na kazi. Jambo hili huwapata watu wengi na mara nyingi halina madhara. Lakini wakati mwingine ganzi haiondoki, na wayo wenyewe unakataa kuinuka. Hapo ndipo yafaa mkulima ajue ni nini kimetokea.

Watu wengi husema damu imezuiliwa. Neno hilo lina ukweli kidogo tu. Kinachoumia hasa ni mshipa wa fahamu, yaani ule uzi mweupe unaopeleka amri kutoka ubongoni na uti wa mgongo hadi kwenye misuli, na kurudisha habari za mguso, joto na maumivu. Keti kwenye kiti sasa, ukunje goti, upitishe kidole upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti. Utakuta kifundo kigumu cha mfupa. Hicho ni kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje unaoshuka sambamba na muundi. Mshipa wa fahamu tunaousema hutoka nyuma ya goti, huzunguka shingo ya mfupa huo upana wa kidole hivi chini ya kifundo, halafu huingia katikati ya misuli ya mbele na ya nje ya mguu. Mahali hapo haukufunikwa na nyama nene. Juu yake pana ngozi na mafuta kidogo, na chini yake pana mfupa mtupu.

Unapochuchumaa mpaka makalio yakaribie visigino, mshipa huo hupata taabu mbili kwa pamoja. Kwanza huvutwa, kwa sababu goti limekunjwa hadi mwisho. Pili hubanwa kati ya mfupa na kano na misuli iliyokazwa. Ukikunja nne, yaani mguu mmoja juu ya mwingine, shida ni ile ile kwa njia nyingine: kifundo cha mguu wa juu hukandamizwa juu ya goti la mguu wa chini. Kwa hiyo mguu unaokufa ganzi kwa kukunja nne huwa ni ule ulio juu.

Mbano wa muda mfupi huunyima mshipa damu yake ndogo, nao hunyamaza. Ukisimama damu hurudi, na zile sindano ni dalili kwamba mshipa unaamka. Mbano ukiendelea kwa saa nyingi, huharibu ule utando wa mafuta unaouzunguka kila uzi wa fahamu kama ganda la mpira linavyozunguka waya wa umeme. Uzi haukukatika, lakini habari hazipiti mahali palipobanwa. Utando hujitengeneza tena kwa siku kadhaa, au wiki kadhaa, na mara nyingine huchukua miezi miwili au mitatu. Mbano mkali zaidi huua uzi wenyewe. Hapo mwili hulazimika kuotesha uzi mpya, nao hukua kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Uponaji wa namna hiyo ni wa miezi mingi, na pengine haukamiliki.

Hebu tutazame mfano wa mkulima mmoja wa skimu katika nyanda za juu za Kinangop. Alikuwa amevuna viazi na akataka kutenga vya mbegu. Alimwaga rundo chini, akachuchumaa kando yake tangu asubuhi akichagua vyenye ukubwa wa yai la kuku na kutupa vilivyooza. Aliinuka mara moja tu, saa nne, kunywa chai. Wakati huo mguu wa kulia ulikuwa na ganzi, lakini alidhani ni baridi ya asubuhi, akarudi kuchuchumaa mpaka adhuhuri. Aliposimama, ncha ya gambuti ilikwaa kwenye gunia akaanguka. Alasiri sindano zilikuwa zimekwisha, lakini alipotembea nyayo zake zililia tofauti: mguu wa kushoto ulitua kisigino kwanza, na wa kulia ulitua paa! kama kofi. Ilimbidi ainue goti juu sana, mithili ya mtu anayepita kwenye matope, ili vidole visiburute.

Jirani alimshauri aukande kwa maji ya moto na kuukalisha karibu na jiko. Bahati njema hakufanya hivyo. Mguu wenye ganzi haujui moto. Mtu huweza kuungua ngozi na asitambue mpaka aone malengelenge.

Kesho yake alikwenda zahanati. Mhudumu alimwambia atembee kwa visigino, vidole vikiwa juu. Mguu wa kulia haukuweza. Alimwambia asimame kwa vidole, akaweza vizuri. Akamwambia ageuze wayo kuelekea nje, ukawa dhaifu. Kuelekea ndani, ukawa na nguvu. Kisha alimgusa kwa pamba: upande wa nje wa muundi na juu ya wayo palikuwa na ganzi, lakini unyayo ulihisi sawasawa. Alipogonga polepole kwa kidole chini ya kile kifundo cha mfupa, mgonjwa alihisi umeme ukishuka hadi wayoni. Kwa dalili hizo alijua mshipa umebanwa pale kando ya goti, si mgongoni. Kama tatizo lingekuwa kwenye mzizi wa mshipa mgongoni, kwa kawaida kugeuza wayo kuelekea ndani nako kungekuwa dhaifu, na mara nyingi kungekuwa na maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni.

Mhudumu aliuliza swali moja zaidi: je, umekonda karibuni? Naam, mkulima huyo alikuwa ameugua homa ya matumbo miezi miwili nyuma, na nguo zake zilikuwa zinampwaya. Swali hilo lina maana sana. Yale mafuta machache yanayoukinga mshipa huisha mtu akikonda ghafla, na mkao ambao aliustahimili miaka yote sasa unamwumiza. Mwenye ugonjwa wa kisukari na mlevi wa kila siku nao wako hatarini zaidi, kwa kuwa mishipa yao ya fahamu huwa imedhoofika tayari.

Hakupewa sindano wala dawa ya kuchua. Alikatazwa kuchuchumaa na kukunja nne kabisa. Alifungiwa kibao chepesi nyuma ya mguu kuushikilia wayo usining'inie, na kitambaa kiliwekwa ili kibao kisiguse kile kifundo. Alifundishwa kukaa na mguu ulionyooka, kupitisha taulo chini ya vidole na kuvuta wayo kuelekea kwake mara kadhaa kwa siku, kwa maana wayo unaoning'inia wiki nyingi hukaza ile kano kubwa ya kisigino, na hapo hata mshipa ukipona kutembea ni shida. Aliambiwa pia akague ngozi kila jioni asije akawa na jeraha asilolijua. Wiki ya tatu aliweza kuinua kidole gumba. Wiki ya sita alitembea kwa visigino. Ganzi juu ya wayo ilikawia kidogo kuisha kuliko udhaifu.

Nawe waweza kujipima. Ganzi ikija, simama ukishika kitu, usikimbilie kupiga hatua, maana wengi huvunjika kifundo cha mguu kwa kukanyaga mguu usiohisi. Subiri sindano ziishe, kisha inua vidole kisigino kikiwa chini, na ulinganishe na mguu wa pili. Vikiinuka sawa na ganzi ikaisha, huna haja ya mganga. Vikikataa kuinuka, au ganzi ikibaki mpaka kesho yake, nenda zahanati usingoje siku ya soko. Nenda pia ikiwa ganzi huja bila wewe kuchuchumaa, au iko kwenye nyayo zote mbili, au ngozi ina baka lililofifia rangi ambalo halihisi unyoya wa kuku ukilipitia. Ukoma hupenda kuushambulia mshipa huu huu mahali pale pale kando ya goti, na leo una dawa inayouponya ukiwahiwa. Na kama udhaifu wa mguu umekuja ghafla pamoja na mkono au kinywa kupinda, au pamoja na ganzi kati ya mapaja na mkojo kukataa kutoka, hiyo si habari ya kuchuchumaa hata kidogo. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Kuhusu kinga, kosa si kuchuchumaa bali ni kutulia katika mkao mmoja. Mtu wa kupalilia vitunguu au kuvuna karoti asimame kila amalizapo mstari, na mistari ikiwa mirefu asimame kila robo saa hivi, anyooshe magoti na kutembea hatua ishirini. Akitaka kuwa chini, na akalie kigoda cha urefu wa shibiri moja au zaidi, ili magoti yasikunjwe hadi mwisho. Kigoda kile kile cha kukamulia ng'ombe chafaa. Waweza kupiga goti moja juu ya gunia lililokunjwa, ukibadilisha goti mara kwa mara, lakini usikalie kisigino. Angalia pia ukingo wa gambuti ndefu: ukifika kwenye kile kifundo na kukibana, ukunje chini. Na aliyefungwa plasta mguuni akihisi ganzi juu ya wayo arudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda ukingo wa plasta unaubana mshipa.

Usidhani kwamba ganzi ikija unaweza kuimaliza kwa kuendelea na kazi, kama mtu anavyozoea uchovu wa mgongo. Ganzi yenyewe ndiyo huondoa maumivu ambayo yangekufanya uinuke, na hapo ndipo mtu hukaa saa nyingi bila kujua.

Yule mkulima wa Kinangop alitengeneza meza ya mabanzi yenye kimo cha kiuno, ikiwa na ukingo wa kuzuia viazi visianguke. Sasa huchagua mbegu akiwa amesimama. Yeye mwenyewe asema kwamba viazi vilivyooza huonekana upesi zaidi vikiwa juu, penye mwanga, kuliko vilipokuwa chini kati ya magoti yake.