SOMA PICHA YA PATANI KABLA YA KUSHIKA MKASI

Tuseme wewe ni fundi cherehani hapa Kigonsera. Mteja ameuza kahawa yake. Amenunua kitenge mjini Mbinga na kukuletea. Ndani ya simu yake ana picha ya patani aliyotumiwa na dada yake. Anataka blauzi kama hiyo.

Patani ni karatasi iliyochorwa kwa umbo la kipande cha nguo. Ukiisoma vizuri, nguo itakaa. Ukiisoma vibaya, kitenge kimeharibika, na kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi. Basi tuchukue kipande kimoja tu, mkono wa blauzi, tukisome pamoja.

Picha haipimwi

Jambo la kwanza, usiweke futi kamba juu ya kioo cha simu. Picha huonyesha umbo na alama. Haionyeshi ukubwa wa kweli. Tena kama mpiga picha alisimama upande mmoja, sehemu iliyo karibu naye huonekana kubwa, na ya mbali huonekana ndogo.

Utajuaje? Patani nyingi zina mraba mdogo wa kujaribia. Tazama mraba huo katika picha. Kama pande zake nne hazilingani, picha ilipigwa kwa kuinama. Omba picha nyingine, iliyopigwa kutoka juu kabisa. Omba pia vipimo vilivyoandikwa: upana wa mkono penye kwapa, urefu wake, na upana wa chini. Kwa vipimo hivyo chora patani yako juu ya karatasi, hata ya mfuko wa saruji. Ndipo usome alama tatu zifuatazo.

Alama ya kwanza: nafasi ya mshono

Nafasi ya mshono ni kitambaa kinachobaki ndani, kati ya mshono na ukingo uliokatwa. Swali kubwa ni hili: je, nafasi hiyo imo ndani ya patani, au unatakiwa kuiongeza mwenyewe?

Watengenezaji hawafanani. Huko Marekani, Butterick alianza kuuza patani za karatasi zenye saizi mbalimbali mwaka 1863. Patani za kampuni hiyo kwa kawaida huwa na nafasi ya mshono ndani yake, inchi 5/8, yaani sentimita 1.5 na kidogo. Lakini gazeti la mitindo la Ujerumani liitwalo Burda, lililoanza mwaka 1950, lina desturi ya kutoa patani zisizo na nafasi hiyo. Mshonaji huiongeza mwenyewe.

Katika picha, tazama mistari inayozunguka kipande. Ukiona mistari miwili, wa nje umekamilika na wa ndani una vipande vipande, basi nafasi imo. Kata mstari wa nje, shona wa ndani. Ukiona mstari mmoja tu, usikisie. Tafuta maandishi, au uliza aliyetuma. Ukikosa jibu, piga hesabu.

Tuseme patani ya mkono ina upana wa sentimita 36 penye kwapa. Umempima mteja, na mkono wake ni sentimita 31. Mkono wa blauzi una mshono mmoja chini ya kwapa, na mshono huo hula kingo mbili. Kila ukingo hula 1.5, jumla 3.

Kama nafasi imo, ukishashona zitabaki sentimita 33. Mteja atapata nafasi ya sentimita 2 tu, na kitenge hakivutiki. Akinyanyua mikono kushika ndoo iliyo kichwani, mshono utakaza. Kama nafasi haimo, mkono ulioshonwa utakuwa sentimita 36. Mteja atapata nafasi ya sentimita 5, na hiyo inafaa. Lakini hapo ni lazima ukate sentimita 39.

Hesabu haikuambii mchoraji alikusudia nini. Inakuambia kama mkono utamwenea mteja wako. Ukibaki na shaka, kata 39. Kikizidi utapunguza. Kikipungua huna la kufanya.

Alama ya pili: mshale wa uzi

Katikati ya kipande utaona mstari mrefu wenye mshale. Huo unaonyesha nyuzi za urefu wa kitambaa zielekee wapi. Nyuzi hizo huenda sambamba na ukingo wa jora, yaani ule usiofumuka, ambao katika kitenge mara nyingi una maandishi ya kiwanda.

Jaribu kwa mikono. Vuta kitambaa kwa urefu: hakivutiki. Vuta kwa mshazari, kona kwa kona: kinavutika. Ndiyo maana mkono uliokatwa upande hujipinda ukivaliwa, na ukifuliwa huzidi.

Wengine hulinganisha mshale na ukingo wa simu. Hilo ni kosa, maana simu huweza kushikwa upande. Linganisha mshale na ukingo wa kitambaa. Laza karatasi. Pima kutoka ncha ya juu ya mshale hadi ukingo wa kitambaa. Tuseme umepata sentimita 22. Pima ncha ya chini. Ukipata 20, karatasi imelala upande. Shikiza ncha ya juu kwa pini, sogeza ya chini mpaka nayo isome 22. Sasa shikiza zote.

Kama kitenge kina ndege au maua yenye kichwa na miguu, angalia pia mikono yote miwili ielekee juu.

Alama ya tatu: alama za kukutanisha

Kwenye tao la juu la mkono utaona vipembe vidogo au vistari. Mara nyingi upande mmoja una kimoja, upande wa pili una viwili pamoja. Kimoja ni mbele. Viwili ni nyuma. Kwenye tundu la bega la blauzi kuna alama kama hizo, na zinapaswa kukutana.

Katika picha alama hizi hufichwa na kivuli au kidole. Kuza picha, zitafute. Usipozipata, tazama tao lenyewe. Upande wa mbele umechimbwa zaidi, wa nyuma ni mpana zaidi. Ukigeuza mkono, mgongo utabana na mbele kutakuwa na mikunjo.

Tia alama hizo kwa chaki. Ukitumia mkasi, kata kidogo sana, milimita 3 tu. Ukizidisha, utafika kwenye mshono na kutoboa nguo.

Tena kumbuka, mikono ni miwili, kulia na kushoto. Kunja kitambaa uso kwa uso, ukate yote kwa pamoja. Ukikata mmoja mmoja, geuza karatasi kwa ule wa pili. Usipogeuza, na kitambaa kina rangi upande mmoja tu, utapata mikono miwili ya kushoto.

Jaribu mwenyewe

Mteja mwingine ana mkono wa sentimita 34. Patani yake ina mstari mmoja, na imeandikwa kwamba nafasi haimo. Upana ni sentimita 38. Utakata ngapi, na atapata nafasi kiasi gani?

Jibu: Utakata sentimita 41, yaani 38 na 3. Ukishona zitabaki 38. Atapata nafasi ya sentimita 4. Mkono utamtosha, lakini hautakuwa mpana. Mwambie hivyo kabla hujakata.