Joto la Asubuhi Linavyosema, na Lisivyosema

Yai likishatoka kwenye ovari, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili wa mwanamke kidogo tu, kwa kawaida nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi. Ili kuliona ongezeko hilo, hupimwa kila asubuhi saa ileile, kabla ya kuinuka kitandani, kwa kipimajoto kinachoonyesha desimali mbili.

Tuseme kwa siku sita mfululizo mwanamke amepata kati ya 36.35 na 36.50. Siku ya 15 ya mzunguko anapata 36.70, kesho yake 36.75, kesho kutwa 36.80. Siku zote tatu zimezidi kipimo cha juu kabisa cha zile sita kwa nyuzi 0.2 au zaidi. Hapo anaweza kusema yai huenda limetoka, pengine siku ya 14 au karibu na hapo. Joto likipanda siku moja kisha likashuka, halithibitishi kitu: homa, pombe au usingizi wa mang'amung'amu huweza kulipandisha.

Tatizo ni kwamba chati hutoa habari baada ya tukio. Siku za kushika mimba ni takriban tano kabla ya yai kutoka na siku lenyewe linapotoka. Joto linapothibitika kupanda, zimeshapita. Wala chati haionyeshi kama mirija imeziba. Joto likibaki juu siku 18 au zaidi, pima mimba. Na kama unakwepa mimba, usitegemee kipimajoto peke yake.