Jibu la uongo lenye kazi

“Mvuke kugeuka maji huitwaje?” Swali hili la sayansi hujibiwa na aliyekariri, hata kama hajaelewa. Libadili hivi: bilauri ya maji ya barafu imekaa mezani, na baada ya muda nje yake imelowa. Maji hayo yametoka wapi?

A. Yamepenya kioo.
B. Ni mvuke wa hewani uliopoa.
C. Yamemwagika ukingoni.
D. Ni baridi iliyogeuka maji.

Jibu ni B. A na D ni vipotoshi vizuri kwa sababu watoto wengi huamini hivyo kweli. Ili kuvipata, uliza kwanza swali bila machaguo, kisha okota makosa yanayojirudia.

Baada ya mtihani, vipime. Tuseme watahiniwa ni 40. Panga karatasi kwa jumla ya alama, chukua 13 za juu na 13 za chini, uhesabu kila herufi imechaguliwa na nani. A ikichaguliwa na 1 wa juu na 6 wa chini, inafanya kazi. C isipochaguliwa na yeyote, ni pambo tu, ibadilishe. D ikiwavuta zaidi wa juu, soma upya swali: huenda maneno yake yana utata, au ufunguo wa majibu umekosewa.

Kwa darasa dogo hesabu hizi ni dalili tu. Waulize wanafunzi wachache kwa nini walichagua walichochagua.