Mzaha wa Barazani Unapogusa Dini

Waislamu wenzetu, hapana mtu wa pwani asiyeijua baraza ya baada ya sala ya Isha. Kahawa huletwa, habari za mji husimuliwa, na mzaha ndio chumvi ya mazungumzo. Nasi hatukusudii kuiondoa chumvi hiyo. Mtume wetu (S.A.W.) naye alikuwa akifanya mzaha na sahaba zake. Imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akajibiwa kuwa atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia jike. Yule mtu akataajabu, atamfanyia nini mtoto wa ngamia? Mtume akamwuliza ni ngamia gani basi asiyezaliwa na ngamia jike. Tazameni mzaha huo: hamna uwongo ndani yake, hapana aliyeaibishwa, wala dini haikuguswa.

Sasa tutasimulia yaliyotupata sisi wenyewe. Katika baraza yetu alikuwapo kijana aliyesilimu si muda mrefu uliopita, mtu wa bara, ambaye ulimi wake ulikuwa bado haujazoea herufi za Kiarabu. Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, rafiki yetu mmoja mwenye maneno mengi alisimama akaigiza jinsi kijana yule anavyosoma Alhamdu. Ile "ha" akaifanya kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Kisha akaunga na adhana, akiyageuza maneno yake ili kuwaita watu waje wale bajia. Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika. Na sisi, ambao kazi yetu ni kufundisha watoto chuoni, tulicheka pamoja nao. Kijana naye alicheka. Lakini usiku wa pili hakuonekana msikitini, wala wa tatu.

Tulipofika nyumbani usiku ule tulikumbuka habari ya Tabuk, ambayo tumeisomesha mara nyingi tukidhani inawahusu watu wengine. Katika mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630, Mtume alitoka na jeshi kwenda Tabuk, safari ndefu katika jua kali. Njiani mtu mmoja, akiwa katika kikao na wenzake, alisema kuwa hajapata kuona watu wenye matumbo ya pupa, ndimi za uwongo na woga vitani kama wasomaji wa Kurani hawa. Auf bin Malik alikuwapo, akamkanusha palepale, kisha akaenda kumpasha Mtume habari. Alipofika alikuta wahyi umekwisha kumtangulia. Ibn Umar asimulia kuwa alimwona mtu yule ameng'ang'ania ukanda wa ngamia wa Mtume, mawe yakimjeruhi miguu, akilia kwamba walikuwa wakipiga porojo na kucheza tu ili kuipunguza safari. Mtume hakumwongezea neno juu ya jibu lililoteremka, ambalo leo twalisoma katika Surat Tauba, aya ya 65 na 66. Aya hizo zinawauliza kama walikuwa wakimfanyia mzaha Mwenyezi Mungu na aya Zake na Mtume Wake, na zinawaambia wasitoe udhuru, kwani wamekufuru baada ya kuamini.

Angalieni kwamba udhuru uliokataliwa ndio huu tunaoutumia sisi kila siku: tulikuwa tukitania tu. Na maneno yenyewe yaliwataja wasomaji. Lakini waliochekwa walichekwa kwa sababu ya Kurani waliyoichukua, ndipo mzaha ukahesabiwa kuwa umefika kwa Mwenye Kurani. Hapa ndipo penye mpaka. Mtu akimcheka rafiki yake kwa kuwa alisinzia katika tarawehe akaangukia bega la jirani, amecheka usingizi. Akiicheka tarawehe yenyewe, rukuu yake na sijida yake, amecheka ibada. Sentensi mbili zaweza kufanana sana, na moja ikawa mchezo na ya pili ikawa hatari.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza jambo hili bila ya kuficha. Imamu Nawawi, katika Minhaji, anapoitaja riddah ametaja neno la ukafiri, sawa likisemwa kwa dhihaka, kwa ushindani au kwa kuliitakidi. Kwa hiyo mzaha si kinga. Jambo hili si geni kwetu, kwani twajua pia kwamba mume akimtamkia mkewe talaka kwa mzaha, hawezi kuirudisha kwa kusema alikuwa akicheka.

Walakini pasipatikane msomaji atakayeifunga gazeti hili na kwenda kuwaita jirani zake makafiri. Imo katika Bukhari hadithi inayoonya kuwa anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Kuhukumu ni kazi ya wanazuoni, baada ya kuulizwa mtu alisema nini hasa na alijua maana yake. Na aliyeteleza ulimi si kama aliyekusudia dhihaka. Muslim amepokea habari ya mtu aliyepotelewa na ngamia wake jangwani, akakata tamaa ya maisha, kisha akampata. Na kwa wingi wa furaha akamwambia Mola kuwa wewe ni mja wangu nami ni mola wako. Alikosea kwa furaha, na Mtume aliitaja habari yake kuonyesha jinsi Mungu anavyofurahia toba ya mja.

Na sisi wasikilizaji je? Aya ya 140 ya Surat Nisaa yatukataza kukaa na wanaozifanyia dhihaka aya za Mungu, mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Basi hatukuamrishwa kuivunja baraza. Mwenye kuweza aseme kwa upole, na asiyeweza aondoke, arudi maneno yanapobadilika. Anayebaki akicheka, aya yamfananisha na wao. Katika kikao kile cha Tabuk alikuwamo Makhshi bin Humayyir, ambaye yasimuliwa kuwa alicheka lakini yakamchukiza baadhi ya aliyoyasikia. Alitubu, akasamehewa, akabadilisha jina akaitwa Abdurrahman, na akaomba auawe shahidi mahali pasipojulikana. Aliuawa Yamama katika ukhalifa wa Abubakar, na hapakuonekana alama yake. Habari hiyo ilitukaa moyoni, kwani sisi tulikuwa katika daraja yake: wacheshi wa kando.

Tulimwendea rafiki yetu mwigizaji, sisi wawili tu, tukamsomea aya zile. Hakubishana, alikaa kimya muda mrefu, kisha akarudia shahada na kuomba maghufira, nasi tukafanya vivyo hivyo. Lakini palibaki haki ya mtu, na haki ya mja haifutwi mpaka aombwe radhi mwenyewe. Na kwa kuwa aliaibishwa mbele ya watu, rafiki yetu aliona aombe radhi mbele ya watu wale wale. Bahati njema hapana aliyeichukua sauti ile kwa simu. Ingekuwa imefika miji ambayo sisi hatuwezi kwenda kuomba radhi.

Kijana alikuja kwa kuitwa, akaketi ukingoni mwa baraza. Baada ya kuombwa radhi alisamehe, kisha akauliza kama ni kweli kwamba sala ya mwenye ulimi mzito haikubaliwi, kwani ndivyo alivyofahamu kutokana na kicheko chetu. Tukamwambia kuwa Bukhari na Muslim wamepokea kwamba anayeisoma Kurani kwa taabu, akijikwaa, ana malipo mawili, na kwamba kwa asiyeweza kutamka herufi huku akijifunza, Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kadiri ya uwezo wake. Akaomba afundishwe ile "ha". Tulianza naye kesho yake baada ya Alfajiri, na yule mwigizaji huja pia kuketi pamoja nasi, kwani imedhihirika kuwa "dhadi" yake mwenyewe haikuwa sawa miaka yote hii.