Maelezo Yanasema Mei, Jedwali Linasema Machi

Rafiki akikuletea mchanganuo wake wa biashara uupitie kabla hajaupeleka kwa mkopeshaji, usianze na kumwambia kama wazo lake ni zuri. Wazo ameshalipenda. Anachohitaji ni mtu wa kusoma kurasa za maelezo na kurasa za hesabu kana kwamba zimeandikwa na watu wawili tofauti, kisha amwonyeshe ni wapi watu hao hawaelewani. Mwenyewe ni vigumu kuyaona hayo, kwa sababu kila akitazama jedwali, kichwa chake kinajaza yale aliyokusudia kuyaandika.

Tuchukue mchanganuo wa kuku wa mayai, maana ni miongoni mwa inayozunguka sana kwenye simu za watu. Mwenye nao anataka kuanza Januari na vifaranga 500, na bei nitakazozitaja ni alizoziandika yeye. Usomaji wangu huwa hivi: naanza na maelezo, jedwali nimelifunika. Kila sentensi inayogusa muda, idadi au mtu wa kulipwa naipigia mstari kwa penseli. Nikimaliza ndipo nafungua jedwali na kutafuta kila mstari wa penseli umekwenda kukaa wapi.

Cha kwanza kutafuta ni tarehe. Maelezo yake yanasema sawasawa kwamba kuku wataanza kutaga wakiwa na wiki 20. Vifaranga wa mwanzoni mwa Januari wanatimiza wiki 20 katika nusu ya pili ya Mei. Hata hapo hawaanzi wote kwa pamoja: wachache hutangulia, wengine hufuata, na kundi hufika kileleni wiki kadhaa baadaye. Lakini kwenye jedwali, mauzo ya mayai yameanza Machi, tena kwa kiwango kilekile hadi Desemba. Machi kuku hao bado ni wadogo, wanakula chakula cha kukuzia na hawana yai hata moja. Ukifuta mauzo ya Machi, Aprili na sehemu kubwa ya Mei, umefuta pia fedha alizopanga kununulia chakula cha miezi hiyo na kulipia marejesho ya mkopo. Kwa hiyo swali linalofuata ni moja: rejesho la kwanza ni la mwezi gani? Kama mkopeshaji anataka kulipwa kuanzia Februari, mchanganuo lazima useme fedha hiyo inatoka wapi, kwa kuwa bandani haitoki.

Cha pili ni safu zilizonyooka. Ukiona namba moja imejirudia Januari mpaka Desemba, isimamishe uiulize. Yeye aliandika mifuko 20 ya chakula kila mwezi, ya kilo 50, kwa shilingi 65,000 mfuko, yaani shilingi 1,300,000. Kifaranga wa wiki mbili hali sawa na kuku anayetaga. Mwezi wa kwanza vifaranga 500 hawamalizi hata mifuko 12, kwa hiyo hapo amezidisha. Kuku anayetaga hula karibu gramu 115 kwa siku. Tukichukulia kwamba wamebaki 480, kwa kuwa vifo vichache lazima vihesabiwe hata chanjo za kideri na gumboro zikitolewa kwa wakati, hiyo ni kilo 55 kwa siku, au mifuko 33 kwa mwezi. Gharama inakuwa shilingi 2,145,000. Kosa la namna hii lina hila yake: miezi ya mwanzo linampa mtu moyo, kwa sababu fedha zinabaki, halafu linambana pale anapodhani ameshavuka.

Sasa geukia mauzo. Jedwali lina mayai 500 kwa siku, yai moja kwa kila kifaranga aliyenunuliwa, bila aliyekufa na bila aliyepumzika. Kundi lililotunzwa vizuri linaweza kuzidi asilimia 90 wakati wa kilele, ila kwa hesabu ya mwaka mzima napenda kuanza na 80. Kuku 480 kwa asilimia 80 wanatoa mayai 384 kwa siku, ambayo kwa mwezi ni trei 384 za mayai 30. Kwa bei yake ya shilingi 8,000 kwa trei, anapata shilingi 3,072,000, wakati yeye aliandika milioni 4. Toa chakula, na zile shilingi 2,700,000 alizoziona zinabaki 927,000. Humo bado hajalipa rejesho la 600,000, dawa wala usafiri.

Wala hajamlipa kijana wa banda. Ukurasa wa pili wa maelezo unasema atakuwepo kijana wa kuhudumia kuku, atalala hapohapo. Kwenye jedwali kijana huyo hana mshahara, hana posho ya chakula, hayupo kabisa. Mistari ya penseli huleta faida yake kubwa hapa, kwani watu, maji, umeme na maranda hutajwa kwa ufasaha kwenye maelezo kisha hupotea njiani. Mahali nako huhesabiwa: ameandika kwamba banda lipo tayari, mita 6 kwa 8. Hizo ni mita za mraba 48. Kuku wa mayai wanaofugwa chini kwenye maranda wanatosha 5 au 6 kwa mita moja ya mraba, hivyo banda hilo ni la kuku kama 240 hadi 288. Ama kuna banda la pili ambalo gharama yake haijaandikwa, ama kuku 500 ni namba iliyotoka kwenye mchanganuo wa mtu mwingine.

Kuna sentensi moja iliyonisumbua kuliko zote, nayo imekaa kwa upole sana: maduka na migahawa watachukua mayai na kulipa mwisho wa mwezi. Jedwali linahesabu fedha siku yai linapotoka. Kuku hawatasubiri mwisho wa mwezi ule, watakula mifuko yao 33. Anahitaji zaidi ya milioni 2 za chakula mkononi kabla malipo ya kwanza hayajaingia, na hazipo kwenye mtaji alioomba. Biashara inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado ikakosa fedha ya mfuko wa kesho.

Kama jedwali limetengenezwa kwenye Excel, badilisha idadi ya vifaranga kutoka 500 iwe 250. Faida ya mwisho isipotikisika, jua namba zimeandikwa kwa mkono na hazijafungamana. Hapo jedwali lijengwe upya kwanza.

Kumwambia kuna namna yake. Usimpe hukumu, mpe kurasa mbili na swali: "Ndugu yangu, hapa umeandika wiki ya 20, hapa umeuza Machi. Tufuate lipi?" Mwache ajibu mwenyewe, kwa sababu mkopeshaji atamuuliza hilohilo na wewe hutakuwepo. Usimsahihishie namba kimyakimya pia, maana atashindwa kuitetea. Pengine atachagua kuanza na vifaranga 250 wanaoenea bandani, aombe marejesho yaanze Julai, na awauzie kwa fedha taslimu majirani na mama lishe wa karibu kabla ya kuwakopesha wenye migahawa. Akishabadilisha, mwombe akuletee tena maelezo na jedwali kwa pamoja, kwa sababu mtu akirekebisha namba mara nyingi husahau kurekebisha sentensi.