Bima ya Taifa ni orodha, bima binafsi ni fedha: namna ya kujua unachostahili

Kwenye dirisha la bima la hospitali, Bagamoyo mjini au huku Mapinga na Bunju, foleni moja hukusanya watu ambao mikataba yao haifanani hata kidogo. Mwalimu wa shule ya msingi ana kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Mhudumu wa hoteli ya ufukweni ana kadi ya kampuni binafsi aliyokatiwa na mwajiri wake. Mvuvi aliyetoka kushusha samaki ana kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Ukiwauliza, wote watakujibu kwamba wana bima. Tatizo huanza pale karani anapotazama kompyuta na kusema, "Mama, dawa hii bima yako haiigusi," na mgonjwa hajui kama ameelezwa ukweli au amekatishwa tamaa bure.

Karani huyo anaweza kuwa na haki kabisa kwa kadi moja na akakosea kwa kadi nyingine, kwa sababu kadi hizi hazijengwi kwa kitu kimoja. Mfuko wa taifa unaahidi orodha ya huduma. Kampuni binafsi inaahidi kiasi cha fedha. Ukilishika hilo, utajua swali la kuuliza kabla hujaumwa.

Tumfuate kwanza mwalimu. NHIF iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ikaanza kutoa huduma mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, nusu anakatwa mtumishi na nusu analipa mwajiri. Tuseme mshahara wa msingi wa mwalimu wetu ni shilingi 900,000. Kwenye hati yake ya mshahara atakuta amekatwa 27,000, na mwajiri anaongeza 27,000 nyingine, hivyo mfuko unapokea 54,000 kila mwezi. Ofisa anayelipwa shilingi milioni 3 anachangiwa 180,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo zisizolingana, kila mmoja anatibiwa yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Hakuna aliyewapima presha au kuwauliza umri wao ili kuwapangia mchango. Mwenye kipato kikubwa anambeba mwenye kipato kidogo, na mzima anambeba mgonjwa. Mimi naona hapo ndipo ulipo uzito wa mfuko wa umma, na ndiyo sababu hauwezi kuendeshwa kama duka.

Lakini mfuko unaombeba kila mtu lazima ujiwekee mipaka mahali fulani, na NHIF imeiweka kwenye kitita cha mafao. Kitita ni orodha ya vipimo, dawa, upasuaji na huduma nyingine ambazo mfuko utazilipia, kila moja na bei yake. Kwa upande wa dawa, msingi wake ni Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Katika orodha hiyo kila dawa ina herufi. A ni dawa inayoweza kutolewa kuanzia zahanati, B kuanzia kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni ya hospitali za kibingwa.

Herufi hizo ndizo zinazoeleza mambo mengi ambayo wagonjwa huyachukulia kuwa ni hiana. Mwalimu anayetibiwa zahanati ya Zinga akitaka dawa yenye herufi D, zahanati haiwezi kumpa kwa bima, hata kama dawa hiyo ipo duka la jirani na hata kama mchango wake haujawahi kukosekana. Njia yake ni rufaa: zahanati, kituo cha afya, Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, kisha Tumbi kule Kibaha ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, na ikibidi Muhimbili. Akiruka ngazi bila barua ya rufaa anaweza kurudishwa au kulipa kutoka mfukoni. Dharura ni jambo jingine, kwani aliyepata ajali barabarani hadaiwi barua.

Basi mwanachama wa NHIF akiambiwa "haiwezekani", asiishie kuuliza kama huduma ni ghali. Aulize kama huduma hiyo haimo kwenye kitita, au imo ila si kwa ngazi ya kituo hiki. Jibu la kwanza linafunga mlango. Jibu la pili linamaanisha anastahili barua ya rufaa, na aiombe hapo hapo. Na ikiwa dawa imo kwenye kitita na kwenye ngazi ile, lakini imeisha stoo, hiyo ni hali ya tatu: aombe fomu ya kwenda kuichukua kwenye duka la dawa lenye mkataba na mfuko, badala ya kutoa fedha taslimu.

Kuna mpaka mwingine ambao mwanachama hauoni kwenye kadi, nao ni mkataba kati ya mfuko na kituo. Machi 1, 2024 NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya, baadhi ya hospitali binafsi, zikiwamo kubwa za Dar es Salaam, zilipinga bei mpya na kusitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo. Watu waliokuwa na kadi hai, na michango iliyolipwa kikamilifu, walijikuta wanatafuta hospitali nyingine. Kwa mkazi wa Kerege au Mapinga anayezoea kuteremka Dar kutibiwa, hilo ni fundisho la moja kwa moja: uanachama wako hauihusishi hospitali isiyo na mkataba na mfuko siku ile unayofika.

Mvuvi wetu wa CHF ana orodha fupi zaidi. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, iliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, isipokuwa Dar es Salaam ambako kiwango kilikuwa kikubwa zaidi. Kwa fedha hiyo kaya inatibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Ndiyo kusema kwa mkazi wa Pwani kadi hiyo inakomea Tumbi. Mgonjwa wa moyo akipewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, barua ni halali lakini CHF haimfuati. Familia nyingi hugundua hilo mgonjwa akiwa tayari ameshushwa Muhimbili. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha utaratibu mzima na kutaka kila mkazi awe na bima, mwenye kadi ya CHF aulize kituoni kwake inaisha lini na inafuatiwa na nini, asisubiri kuambiwa.

Kwa mhudumu wa hoteli hesabu inageuka. Mkataba wake wa bima binafsi una jedwali la mafao, na kila mstari wa jedwali una ukomo wa fedha kwa mwaka: kulazwa kiasi fulani, matibabu ya nje kiasi fulani, uzazi, meno, macho. Hana ngazi za rufaa za kupanda kama mwalimu. Anaweza kwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa katika hospitali iliyo kwenye mtandao wa kampuni, na hilo ni jema lenye thamani yake. Ila kila anapotibiwa, salio linapungua.

Tuchukue mfano. Ana presha, na ukomo wake wa matibabu ya nje ni shilingi 800,000 kwa mwaka. Kila mwezi kliniki binafsi inamtoza bima yake 85,000 kwa kumwona daktari, kipimo na dawa. Miezi tisa inakula 765,000. Mwezi wa kumi salio ni 35,000, hivyo inabidi aongeze 50,000 mwenyewe, na mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili alipe zote. Presha haina likizo ya miezi miwili. Akiacha dawa kwa sababu salio limekwisha, anajiweka kwenye hatari ya kiharusi. Dawa zilezile kwa mwalimu wa NHIF hazipunguzi salio lolote, maadamu zimo kwenye kitita na kituo ni cha ngazi husika.

Kwa hiyo mwenye bima binafsi aulize salio lake kwa kila mstari, akianza na ule anaoutumia sana. Kisha aulize mambo ambayo mtumishi mwenye kadi ya mfuko wa umma hana haja ya kuyauliza: ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga unalipiwa au umeondolewa, muda wa kusubiri ni miezi mingapi, hasa kwa uzazi, na kama kuna sehemu ya bili anayotakiwa kuchangia kila anapotibiwa. Majibu yamo kwenye mkataba wenyewe, wala hayapatikani kwenye kadi au kipeperushi. Mkataba wa kikundi huwa unakaa ofisi ya utumishi ya mwajiri, na mfanyakazi ana haki ya kuomba nakala ya jedwali. Aombe pia kujua ni huduma zipi zinahitaji idhini ya kampuni kabla hazijafanyika. Kipimo cha MRI kilichofanywa asubuhi bila idhini kinaweza kurudi jioni kama deni.

Kuhakiki upande wa NHIF ni kazi ya simu moja, ila lazima ujue cha kuuliza. Piga 199, taja namba ya uanachama, kisha usiridhike na jibu la "upo". Uliza uanachama ni hai hadi lini, na mchango wa mwisho kupokewa ni wa mwezi gani. Hapo ndipo linapojitokeza kosa linalowaumiza zaidi wafanyakazi wa sekta binafsi waliojiunga na mfuko huu: mwajiri anakata kwenye mshahara lakini hawasilishi. Hati ya mshahara inaonyesha makato ya Juni, mfuko unaonyesha mchango wa mwisho ni wa Machi, na kadi imeacha kusoma. Ukiziweka karatasi na jibu hilo pamoja una ushahidi wa kupeleka kwa mwajiri na ofisi ya mfuko ya mkoa. Usipozitunza hati zako, huna.

Simu hiyohiyo iulize majina. Mtoto aliyefikisha miaka 18 anaweza kuwa ameondolewa kwenye orodha, na mtoto mchanga aliyezaliwa mwezi uliopita hayumo hadi cheti chake cha kuzaliwa kipelekwe kwenye mfuko. Na siku ya matibabu, kabla hujasaini fomu ya madai, isome mstari kwa mstari: vipimo ulivyofanyiwa, dawa ulizopokea mkononi. Usisaini fomu tupu kwa ahadi kwamba itajazwa baadaye, kwa kuwa sahihi yako ndiyo inayouthibitishia mfuko kwamba ulipata huduma hiyo.

Kampuni binafsi ikikataa kulipa, dai sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha mkataba inachokitegemea. Sababu ya mdomo haina pa kukatiwa rufaa. Ukiwa na barua hiyo na nakala ya mkataba unaweza kulalamika Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kulipeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili mteja apate pa kusikilizwa bila kulazimika kuanzia mahakamani.