Taa Nne, Simu Mbili na Sola ya Kutosha

Jirani yangu hapa Tabata alichoshwa na umeme kukatika, akaenda Kariakoo kununua paneli ya wati 200. Pesa ya betri haikubaki, akafunga betri ya gari iliyokuwa imelala stoo. Miezi minne haikuisha, taa zikawa zinazima saa tatu usiku, na paneli iko juu ya bati inang'aa kama kioo kipya. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake. Sahani zake ni nyembamba, na ukizikamua usiku kucha zinakufa mapema.

Angeanza na taa, hesabu ingekuwa nyingine. Nyumba yake ina taa nne za LED za wati 5. Zikiwaka kwa saa tano zinakula wati-saa 100. Ongeza simu mbili, kama wati-saa 30. Jumla 130, ukigawa kwa volti 12 unapata ampea-saa 11 kwa usiku mmoja. Weka akiba ya usiku wa pili, maana kuna siku mvua haikati: ampea-saa 22.

Hapo ndipo betri mbili za dukani zinapoachana. Betri ya sola ya asidi, hata ile ya jeli, haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ili upate 22 unanunua ya 50. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 inakubali kutumika asilimia 80, hivyo ya 30 inatosha. Bei zinapanda na kushuka kila wiki, ila tuseme ya asidi unauziwa 200,000 na ya lithiamu 420,000. Kwa joto la Dar, na ukiitumia kila siku, ile ya asidi ikikufikisha miaka miwili umeitunza vizuri. Hiyo ni 100,000 kwa mwaka. Ya lithiamu ikikaa miaka sita, ni 70,000. Lakini kama kwako umeme unakatika mara mbili kwa mwezi na unarudi usiku uleule, mimi ningenunua ya asidi pamoja na chaja ya kuijaza kwa umeme wa ukutani, na paneli ningeiacha kabisa. Muuzaji hatakwambia hivyo.

Anayehitaji paneli apige hesabu ya masika, asipige ya Januari. Siku ya mawingu chukulia jua kamili la muda wa saa tatu na nusu. Paneli ya wati 80 ya mfumo wa volti 12 hutoa kama ampea 4.4, yaani ampea-saa 15 kwa siku. Betri ya asidi hupoteza sehemu ya chaji njiani, kwa hiyo kurudisha 11 unahitaji karibu 14. Inatosha, ila kwa shida: betri ikishashuka siku mbili itachukua muda mrefu kujaa. Ya wati 100 inakupa nafasi ya kupumua.

Kontrola ya ampea 10 inaitosha paneli hiyo. Zipo za PWM, za bei ndogo, na za MPPT, ghali zaidi. Kwa paneli ndogo ya volti 12, PWM haina ubaya. Ubaya unakuja ukiifunga na paneli kubwa ya volti 30 na zaidi, zile za kufunga kwenye majumba: PWM inapitisha ampea tu na kuivuta paneli ishuke hadi volti za betri, hivyo zaidi ya nusu ya wati ulizolipia inapotea. Ukichagua lithiamu, hakikisha kontrola ina mpangilio wake.

Inveta nayo. Ndogo iliyowashwa tu, bila kuwasha kitu, inaweza kula wati 8. Kwa siku nzima hizo ni wati-saa 192, nyingi kuliko taa zote nne na simu juu yake. Nunua taa za volti 12 moja kwa moja, na waya uwe mnene: waya wa milimita 1.5 kwenda mita 10, ukibeba ampea 5, unapoteza zaidi ya volti moja, na taa ya mwisho utaiona imefifia.

Kabla ya kulipa, toa futi. Paneli nzuri hutoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ya wati 100 haiwezi kuwa na ukubwa wa sinia la pilau, lebo iseme itakavyo. Kisha inua betri: ya asidi ya 50 ina uzito wa kilo 13 na zaidi, na ukiinyanyua kwa vidole viwili irudishe kaunta.